Mlango wa Kwanza Hausemi Ukweli Wote: Kweli na Si Kweli Kuhusu Mkunjo wa Kujifunza

Soweto Mashariki, Kibera, imekuwa eneo la ujenzi kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2009 wakaazi wa kwanza walihamishiwa Lang'ata ili kupisha mradi wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, na nyumba 822 zikajengwa walipotoka. Ujenzi wa magorofa umeendelea tangu hapo chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu, na serikali imeahidi mara nyingi kwamba milango na madirisha ya nyumba hizo yatatoka kwa mafundi wa jua kali. Ahadi kama hiyo huzaa vikundi vipya: vijana wanne au sita ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja hukodi kibanda, hununua mashine ya kuchomelea na grainda, kisha huulizwa swali gumu kabla mikono haijazoea kazi: bei yenu ni ngapi?

Wakihesabu kwa mlango wa kwanza, watataja bei kubwa na kazi itachukuliwa na mwingine. Wakikisia kwamba baadaye watakuwa wepesi, huenda wakataja bei ambayo haitawalipa. Kuna hesabu iliyobuniwa kwa ajili ya hali hii, nayo ni mkunjo wa kujifunza. Wanafunzi wa uhasibu huikariri kwa ajili ya mitihani ya Kasneb, wakishapita huisahau, na huku nje yamebaki madai nusu nusu. Hebu tuyapime kwa mfano mmoja.

Karakana yetu ni ya kufikirika na namba zake zimechaguliwa ili hesabu ifuatike. Ina watu wanne: wawili wanachomelea, mmoja anakata tyubu na kusaga viungo, mmoja anafunga bawaba na komeo na kupaka rangi. Wana oda ya milango 32 ya chuma, yote ya kipimo kimoja. Mlango wa kwanza ulikula saa 20 za kazi, yaani saa za watu wote wanne zikijumlishwa. Kila saa ya mtu inalipwa shilingi 150, kwa hiyo kazi ya mlango huo iligharimu shilingi 3,000 kabla ya kuhesabu chuma, rangi na stima.

Dai: "Mkunjo wa asilimia 80 maana yake kila mlango unashuka kwa asilimia 20 kuliko uliotangulia."

Si kweli. Kama ingekuwa hivyo, mlango wa 32 ungechukua dakika moja tu na ushee, na hata mtoto anajua hilo haliwezekani. Punguzo hilo la asilimia 20 halitokei kila mlango unapoongezeka. Hutokea kila idadi ya jumla inapojirudia maradufu: kutoka 1 hadi 2, kutoka 2 hadi 4, kutoka 4 hadi 8, na kuendelea.

Kanuni hii ilichapishwa mwaka 1936 na T. P. Wright, mhandisi wa Kimarekani wa ndege za Curtiss. Aliona kwamba kila jumla ya ndege zilizoundwa ilipofika maradufu, wastani wa gharama ya kazi kwa ndege ulibaki takriban asilimia 80 ya ulivyokuwa. Tukiweka kanuni hiyo kwenye milango yetu, wastani unaanza saa 20, unakuwa 16 kwa milango 2, unakuwa 12.8 kwa milango 4, 10.24 kwa milango 8, takriban 8.2 kwa milango 16, na 6.55 kwa milango 32.

Tazama jinsi hatua zinavyorefuka. Ili kupata punguzo la kwanza, kikundi kilihitaji mlango mmoja tu zaidi. Ili kupata la mwisho, kilihitaji milango 16. Ndiyo maana timu mpya huonekana ikipaa wiki ya kwanza, kisha mwenye karakana huanza kulalamika kwamba vijana wamelegea. Hawajalegea. Umbali kati ya hatua moja na nyingine umekuwa mrefu, na mkunjo wenyewe ulishasema hivyo.

Dai: "Wastani wa milango tuliyokwisha kutengeneza ndio bei ya milango inayofuata."

Si kweli, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Tuseme karakana imemaliza milango 16 na mkandarasi anauliza bei ya kazi kwa 16 iliyobaki. Mtu wa kwanza anachukua wastani wa ile 16 ya mwanzo, saa 8.2, anazidisha kwa 150 na kupata kama shilingi 1,229 kwa mlango, jumla shilingi 19,661. Wa pili anajua mkunjo, kwa hiyo anachukua wastani mpya wa milango 32, saa 6.55, na kupata shilingi 983 kwa mlango, jumla shilingi 15,729. Wote wawili wamekosea, na wa pili amekosea kwa kujiamini zaidi.

Wastani wa milango 32 umebeba ndani yake ile 16 ya mwanzo iliyokuwa ya shida. Tunachotaka kujua ni saa za milango ya 17 hadi 32 peke yake. Njia ni kutoa jumla kutoka kwa jumla. Milango 32 kwa wastani wa 6.5536 ni saa 209.7. Milango 16 kwa wastani wa 8.192 ni saa 131.1. Tofauti ni saa 78.6, yaani chini kidogo ya saa 5 kwa mlango. Gharama ya kazi ya milango hiyo yote 16 ni takriban shilingi 11,800. Mtu wa kwanza alizidisha kwa karibu shilingi 8,000, na katika zabuni ya ushindani hiyo inatosha kumnyima kazi.

Kosa hilohilo huonekana mapema zaidi kwenye mlango wa pili. Wastani ukiwa 16 kwa milango miwili, jumla ni saa 32. Wa kwanza ulikula 20, kwa hiyo wa pili umekula 12, si 16. Anayeandika 16 kwenye mstari wa mlango wa pili amechanganya hesabu mbili tofauti.

Ni tofauti kwa sababu ipo njia ya pili, iliyotokana na kazi ya J. R. Crawford kwa kampuni ya ndege ya Lockheed. Katika njia yake, asilimia 80 haihusu wastani. Inahusu muda wa kipande chenyewe: mlango wa pili saa 16, wa nne saa 12.8. Kwa njia hii milango 16 ingekula karibu saa 178, ilhali kwa njia ya Wright ni 131. Asilimia ni ileile na mlango wa kwanza ni uleule, lakini saa 47 zimeingia katikati. Mtu akikuambia kwamba timu yake iko kwenye asilimia 80, swali la kwanza la kumuuliza ni asilimia 80 ya nini.

Dai: "Asilimia 80 ndiyo kiwango cha kawaida, tumia hiyo."

Si kweli. Hiyo ilikuwa ndege ya miaka ya 1930, iliyoundwa zaidi kwa mikono, yenye maelfu ya vipande na nafasi nyingi za kubuni mpangilio bora. Kazi inayoongozwa na mashine hujifunza kidogo. Grainda hukata tyubu kwa kasi yake, na rangi hukauka kwa saa zake hata kama fundi ana ujuzi wa miaka thelathini. Kadiri sehemu ya mikono inavyokuwa ndogo katika kazi, ndivyo asilimia inavyosogea kuelekea 100, ambako hakuna kinachoshuka.

Tena tofauti ndogo ya asilimia si ndogo kabisa. Kwa mkunjo wa asilimia 80 milango yetu 32 inakula saa 209.7, yaani shilingi 31,457 za kazi. Kwa mkunjo wa asilimia 90 inakula saa 377.9, yaani shilingi 56,687. Aliyetoa bei akiamini 80 huku timu yake ikiwa ya 90 amepungukiwa na zaidi ya shilingi 25,000 kwenye oda moja. Pengo hilo litalipwa na mtu, na katika vikundi vidogo aghalabu ni wale vijana wenyewe, kwa kuambiwa wasubiri.

Asilimia yako hupatikana kwenye daftari lako. Andika saa za kila mlango, halafu tafuta wastani wa milango 1, 2, 4 na 8. Tuseme daftari la karakana yetu linaonyesha 20, kisha 17.6, kisha 15.6, kisha 14. Gawa kila wastani kwa uliotangulia: unapata 0.88, halafu 0.886, halafu 0.897. Kumbe timu hii haikuwa ya 80 hata siku moja. Iko karibu na 90. Zaidi ya hapo, uwiano unapanda pole pole, ishara kwamba mkunjo unaanza kulala. Kwa kutabiri milango minane inayofuata, mimi ningechukua 0.90 na wala si wastani wa zile tatu, kwa sababu uwiano wa karibuni ndio unaoelekea kule tunakokwenda, na kwa sababu mlango wa kwanza huwa na mikosi yake: kipimo kilichosomwa vibaya, bawaba iliyofungwa upande usiofaa. Ukitegemea mlango huo peke yake kuchora mkunjo, unachora mkunjo wa mikosi.

Basi hesabu inakuwa hivi. Wastani wa milango 16 utakuwa 14 mara 0.9, yaani 12.6, na jumla saa 201.6. Toa saa 112 za ile minane ya kwanza, zinabaki 89.6, au saa 11.2 kwa mlango. Kwa shilingi 150 ni shilingi 1,680. Huo ni utabiri uliotokana na mikono ya watu hawa, kwenye kibanda hiki.

Kama idadi haiangukii kwenye maradufu, kanuni kamili ni Y = aX^b, ambapo Y ni wastani wa saa kwa mlango, a ni saa za mlango wa kwanza, X ni idadi ya jumla, na b ni logi ya asilimia ikigawanywa kwa logi ya 2. Lahajedwali ya simu huimaliza mara moja. Huu hapa wastani wa milango 24 kwa asilimia 90:

```
=20*24^(LOG(0.9)/LOG(2))
```

Jibu ni takriban saa 12.3 kwa mlango.

Jambo moja kuhusu daftari: usiandike saa za kusubiri pamoja na saa za kazi. Stima ikipotea saa tatu na watu wanne wamekaa, hizo ni saa 12 za kulipwa, lakini hazina uhusiano na ujuzi. Zikiingia kwenye hesabu ya mlango wa sita, mkunjo utaonekana umepinda juu na utadhani timu imesahau kazi. Ziandike kwenye safu yake na uzitabiri peke yake, maana nazo ni gharama ya kweli, ila hazipungui kwa uzoefu.

Dai: "Saa zikishuka, gharama ya kazi kwa mlango inashuka."

Inategemea unavyolipa, na vitabu vingi hupita hapa haraka mno.

Hesabu zote hapo juu zimechukulia kwamba watu wanalipwa kwa saa au kwa siku. Lakini karakana nyingi za jua kali hulipa kwa kipande, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaitambua kazi ya namna hiyo. Tuseme kikundi kinapata shilingi 1,700 kwa kila mlango. Kwenye mlango wa kwanza wa saa 20, hiyo ni shilingi 85 kwa saa, malipo ya kusikitisha. Kwenye mlango wa 32, ambao kwa mkunjo wa asilimia 90 unachukua kama saa 10, ni shilingi 170 kwa saa. Ujuzi umeongezeka vilevile, saa zimeshuka vilevile, lakini gharama ya mwenye karakana haijasogea hata senti. Faida yote imekwenda kwa mafundi.

Kwa malipo ya saa mambo hugeuka. Mlango wa 32 unamgharimu mwenye karakana shilingi 1,500 badala ya 3,000, na fundi aliyeuwezesha kushuka hivyo bado anapata shilingi 150 zilezile. Mkunjo unatabiri saa. Nani atavuna saa zilizookolewa ni suala la makubaliano, na anayechora mkunjo bila kuuliza swali hilo hajamaliza kazi yake.

Kuna mtego katikati. Mwenye karakana anayelipa kwa kipande anaona vijana wamekuwa wepesi, anapunguza bei ya kipande kutoka 1,700 hadi 1,300. Wiki inayofuata wepesi unakoma. Hakuna aliyesahau kuchomelea. Watu wamegundua kwamba kuonyesha ujuzi kunawapunguzia kipato, kwa hiyo wanauficha. Kwenye daftari, hilo huonekana kama mkunjo uliolala ghafla mahali pasipo na sababu ya kiufundi. Ukiona saa zimesimama palepale kwa milango kumi mfululizo mara tu baada ya bei kubadilishwa, usitafute kosa kwenye mashine.

Naona njia ya haki ni kukubaliana mapema: milango minane ya kwanza ilipwe kwa saa, maana hakuna anayejua kasi ya timu na si haki fundi abebe gharama ya kutojua huko peke yake. Baada ya hapo daftari lifunguliwe mbele ya wote, bei ya kipande ipigwe kwa mkunjo uliopatikana, na isiguswe hadi oda iishe.

Dai: "Saa zikishuka, timu imejifunza."

Si lazima. Meli za Liberty za Marekani, zaidi ya 2,700 zilizoundwa kati ya 1941 na 1945, zilisifiwa kwa miaka mingi kama mfano mkuu wa kujifunza kwa vitendo. Mwaka 2001 mwanauchumi Peter Thompson alirudia hesabu hizo, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichoitwa kujifunza ilitokana na mitambo iliyoendelea kuongezwa, na kwamba ubora nao ulishuka: baadhi ya meli zilipasuka.

Karakana ya milango ina mambo hayohayo kwa udogo wake. Siku ambayo kikundi kinatengeneza jigi, yaani fremu ya kushikilia vipande pembe mraba wakati wa kuchomelea, saa zitaanguka kwa mkupuo mmoja. Hilo ni jema, lakini halitajirudia kwenye maradufu ijayo, kwa hiyo weka alama kwenye daftari na uanze kupima upya kuanzia hapo. Anayeuchanganya mruko wa jigi na mkunjo wa mikono atatabiri mteremko usiokuwapo.

Na kuna saa zinazookolewa kwa kuiba: kuunganisha kwa nukta mbili mahali pa mshono mzima, kupaka rangi bila kusugua kutu. Mlango huo hutoka haraka, hurudishwa baada ya mwezi. Saa za kuurekebisha lazima ziandikwe kwenye namba yake ileile, hata kama umeshafika mlango wa 30. Mkunjo unaoteremka vizuri huku milango inarudi ni mkunjo wa uongo.

Dai: "Oda ikikatika, tutaendelea tulipoachia."

Si kweli. Lockheed iliunda ndege 250 za aina ya TriStar. Katikati ya miaka ya 1970 oda zilipopungua, uzalishaji ulipunguzwa, na baadaye saa za kazi kwa ndege zilipanda badala ya kuendelea kushuka. Mwanauchumi Lanier Benkard alieleza katika utafiti wa mwaka 2000 kwamba kiwanda kilisahau, na kwamba ujuzi wa muundo mmoja haukuhamia wote kwenye muundo mwingine. Kwenye kikundi cha watu wanne, kuondoka kwa mmoja ni robo ya timu. Mchomeleaji akipata kibarua kwingine na mgeni akachukua nafasi yake, usimweke mgeni kwenye nafasi ya 33. Pima milango miwili mitatu ya kwanza baada ya mabadiliko, tafuta ni wapi kwenye mkunjo wa zamani saa hizo zilionekana, na utabiri kutoka hapo.

Dai: "Bei ya chini kuliko gharama ya mlango wa kwanza si lazima iwe hasara."

Kweli, mradi oda ifike mwisho na pesa za mishahara ziwepo njiani. Kwa mkunjo wa asilimia 90 wastani wa milango 32 ni saa 11.8, yaani shilingi 1,771. Kikundi kikitoza hiyo kwa kazi, mlango wa kwanza unakipunja shilingi 1,229. Kila mlango unaendelea kula zaidi ya unavyoleta hadi kama mlango wa 11, ambapo upungufu wa jumla unafika takriban shilingi 3,400. Kuanzia hapo kila mlango unarudisha kidogo, na wa 32 ndio unaofunga hesabu.

Shilingi 3,400 zinaweza kubebwa ikiwa mkandarasi analipa kila mlango unapopokelewa. Akilipa mwishoni, kikundi kinahitaji shilingi 56,687 za mishahara kabla ya kuona senti, na chuma juu yake. Akikata oda kwenye mlango wa 11, pengo la wakati huo linabaki kuwa hasara kamili. Kwa hiyo bei ya mkunjo iandikwe pamoja na masharti mawili: malipo ya awali yanayofunika angalau pengo hilo, na bei nyingine ya juu zaidi kwa kila mlango endapo idadi itapunguzwa. Kwa milango 16 badala ya 32, bei hiyo ni saa 13.1, yaani shilingi 1,968.